Mchango wa Upasuaji wa Mtoto: Fuata Njia ya Fedha

Mapema mwaka 2017, picha za mtoto mdogo wa Uingereza aliyejaa malengelenge mwili mzima zilienea kwenye Facebook. Maelezo yaliyoambatana nazo yalisema mtoto huyo ana saratani, anahitaji fedha za upasuaji, na kwamba Facebook yenyewe ingemlipia kwa kila mtu atakayeipenda picha, atakayetoa maoni au atakayeisambaza. Ilisambazwa zaidi ya mara milioni moja. Mtoto hakuwa na saratani. Alikuwa ameugua tetekuwanga kali mwaka uliotangulia, akapona, na picha zake zilijulikana kwa sababu mama yake alizitoa hadharani ili kuwazindua wazazi wenzake kuhusu chanjo. Mtu asiyemjua alizichukua, akazitungia ugonjwa mwingine.

Facebook hailipi upasuaji wa mtu yeyote kwa kuhesabu waliosambaza picha, na haijawahi kufanya hivyo. Anayetunga tangazo la namna hiyo anatafuta wafuasi, maana ukurasa wenye wafuasi wengi unauzika, na baadaye unaweza kutumika kwa utapeli mwingine. Tangazo lolote linalosema kusambaza peke yake kunazaa fedha za matibabu lina jibu tayari, na halihitaji uchunguzi zaidi.

Matangazo mengi yanayofika kwenye makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa hayasemi hivyo. Yana picha ya mtoto kitandani, barua ya hospitali iliyopigwa picha kwa simu, maneno machache ya mzazi na namba ya kutuma pesa. Mengi ni ya kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Msomaji akitazama picha hujiuliza swali moja tu, kama mtoto huyu yupo kweli, na akiridhika anatuma. Kumbe maswali ni matatu. Je, mtoto yupo na ni mgonjwa sasa? Je, hitaji ni kama linavyoelezwa? Na je, fedha zitafika mahali upasuaji unapolipiwa? Tangazo linaweza kufaulu swali la kwanza na la pili, likaanguka kwenye la tatu.

Tuchukue mfano. Tangazo hili limetungwa kwa ajili ya makala hii, ila kila kipande chake ni cha aina inayozunguka kila wiki: "Ndugu zangu, mtoto wetu mwenye umri wa miaka 3 ana tundu kwenye moyo. Anatakiwa kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam ndani ya siku tatu, la sivyo tutampoteza. Tunahitaji shilingi milioni 12. Chochote ulichonacho tuma kwa namba hii. Sambaza kwa makundi matano." Chini yake kuna picha ya mtoto mwenye mrija wa oksijeni puani na barua yenye nembo na mhuri.

Kazi ya kwanza ni picha, nayo huchukua dakika chache. Mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuifungua picha hiyo kwenye Google Lens au kuipandisha kwenye tovuti ya TinEye, akaona kama imewahi kutokea kwingine. Ikiwa picha hiyohiyo ilichapishwa miaka minne iliyopita kwenye gazeti la India, tangazo limeanguka. Lakini kutopatikana si ushahidi wa ukweli. Picha iliyotoka kwenye simu ya mzazi, au iliyoibwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wengine, haipo kwenye mtandao wa wazi, kwa hiyo utafutaji utarudi mikono mitupu iwe tangazo ni la kweli au la uongo.

Inayosaidia zaidi ni kuikuza picha na kuangalia pembeni mwa mtoto. Soketi ya umeme ukutani inasema mengi: Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia ya matundu matatu bapa, ile ya Kiingereza, wakati India hutumia ya matundu ya duara. Maandishi kwenye shuka, lugha ya bango lililobandikwa ukutani, sare ya muuguzi aliyepita nyuma, vyote vinaeleza hospitali iko wapi. Tangazo linalosema mtoto amelazwa Dar es Salaam huku soketi ikiwa ya matundu ya duara linadai maelezo.

Halafu kuna tarehe. Hili huwakosesha watu wengi hata pale ambapo hakuna tapeli. Tangazo la kweli huendelea kuzunguka miezi au miaka baada ya mtoto kutibiwa, au baada ya mtoto kufariki, kwa sababu halikuandikwa siku wala mwezi, na kila anayelipokea huamini ni la jana. "Ndani ya siku tatu" bila tarehe haina maana yoyote. Siku tatu kuanzia lini?

Swali la pili linahusu ugonjwa wenyewe, na si lazima mtu awe daktari ili aulize vizuri. "Tundu kwenye moyo" ni jina la jumla. Mara nyingi ni uwazi kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, unaoifanya damu irudi kwenye mapafu badala ya kwenda mwilini. Matundu madogo ya aina hii mengi huziba yenyewe mtoto anapokua. Makubwa humfanya mtoto mchanga ahemee juujuu, atoke jasho anaponyonya na asiongezeke uzito. Huyo hupewa dawa za kumtuliza huku upasuaji ukipangwa, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Aina nyingine ni mshipa unaotakiwa kujifunga baada ya mtoto kuzaliwa lakini ukabaki wazi. Huo mara nyingi huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

Kwa hiyo upasuaji wa tundu la moyo kwa kawaida huwekwa kwenye ratiba. Kuna magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo ambayo ni ya dharura hasa, hasa kwa watoto wa siku chache. Lakini mtoto wa miaka mitatu mwenye tundu, aliyepewa "siku tatu", ni jambo la kuuliza: daktari alisema nini hasa, na lini? Pengine jibu ni kwamba siku ya upasuaji imepangwa na fedha zinatakiwa kabla yake. Hapo haraka ina sababu inayoeleweka. Pengine mjomba aliyeandika tangazo ametia chumvi kwa sababu ya hofu. Na pengine ni mbinu ya kumfanya msomaji atume kabla hajauliza.

Hakuna upasuaji wa moyo wa mtoto unaopangwa bila kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Anayekusanya mchango wa kweli hujua lini mtoto alipigwa eko, wapi, na aliambiwa nini, kwa sababu familia iliyopitia hayo huyakumbuka kama siku ya msiba. Huenda hajui jina la kitaalamu la ugonjwa. Lakini siku ile anaijua.

Mahali pa upasuaji nako kuna maelezo yake. Kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanza kazi mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo wa Tanzania walipelekwa India. Leo matundu ya kawaida huzibwa hapohapo Dar es Salaam, na taasisi hiyo hufanya kambi za upasuaji wa watoto pamoja na madaktari wanaotoka nje. Tangazo linalosema tundu la kawaida lazima litibiwe India lieleze ni kwa nini. Wapo watoto wenye maumbile magumu ya moyo ambao bado hupelekwa nje, lakini rufaa ya namna hiyo hupitia kwa madaktari bingwa na Wizara ya Afya, na huacha karatasi.

Lipo pia suala la ufadhili uliokwisha kuwapo. Shirika la Smile Train hugharamia upasuaji wa watoto waliozaliwa na mdomo sungura kupitia hospitali linazoshirikiana nazo, Tanzania na Kenya zikiwamo. Shirika la Save a Child's Heart la Israeli limewatibu watoto wengi wa moyo kutoka Tanzania, wakiwamo wa Zanzibar. Familia inayoomba mamilioni kwa mdomo sungura huenda inadanganya, lakini huenda pia haijaambiwa kwamba msaada upo. Msomaji anayeiuliza kwa upole, "Mmeshaonana na ustawi wa jamii hospitalini?" anaweza kuwa amewapa kitu kikubwa kuliko shilingi elfu kumi.

Ustawi wa jamii ndio mlango ambao matangazo mengi hayautaji. Hospitali kubwa za Serikali zina maofisa hao, na kazi yao ni pamoja na kumhoji mzazi asiyeweza kulipa, kupendekeza apunguziwe au asamehewe gharama, na kumuunganisha na wafadhili. Sera ya Afya ya Tanzania ya mwaka 2007 inawaweka watoto wa chini ya miaka mitano kwenye kundi la msamaha katika vituo vya umma. Kwenye upasuaji wa kibingwa msamaha huo mara nyingi hautoshi, na familia hujikuta ikidaiwa sehemu ya gharama, hasa za vifaa. Ndiyo maana tangazo la mtoto wa miaka mitatu katika hospitali ya umma linaweza kuwa la kweli kabisa. Ila familia ya kweli huwa na hadithi ya ustawi wa jamii: tulikwenda, wakatupunguzia kiasi hiki, kimebaki hiki.

Sasa barua. Watu hutazama nembo na mhuri, vitu ambavyo ni rahisi kughushi. Vinavyofaa kutazamwa ni vingine. Je, barua ni ya aina gani? Barua ya rufaa inasema mtoto apelekwe hospitali nyingine. Cheti cha matibabu kinasema anaumwa nini. Hakuna kati ya hizo inayosema upasuaji unagharimu kiasi gani. Anayeomba milioni 12 anatakiwa awe na makadirio ya gharama au ankara kutoka hospitali, yenye jina la mtoto, namba ya faili, tarehe na mchanganuo. Mara nyingi barua inayosambazwa ni ya rufaa tu, na zile milioni 12 zipo kwenye maneno ya tangazo peke yake.

Kuna kishawishi cha kupiga simu hospitalini na kuuliza, "Mna mgonjwa anaitwa hivi?" Hospitali inayofuata maadili haitajibu, kwa sababu taarifa za mgonjwa ni siri, na kukataa kwake kusichukuliwe kuwa ushahidi wa utapeli. Njia inayofaa ni kumwomba mzazi aridhie. Mzazi akiwa tayari, anaweza kumwomba ofisa ustawi wa jamii au mhasibu athibitishe kwa mtu mmoja anayeaminiwa na kundi. Mtu mmoja anayeishi karibu akienda wodini saa ya kuona wagonjwa, akamsalimia mama na kuiona ankara kwa macho yake, anamaliza maswali mawili ya kwanza kwa mkupuo.

Linabaki la tatu, ambalo ndilo gumu. Mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilimtoza Belle Gibson, mwanamke aliyejipatia umaarufu kwenye mitandao kwa kudai uongo kwamba ana saratani ya ubongo, faini ya dola 410,000 za nchi hiyo. Sehemu kubwa kuliko zote, dola 150,000, ilihusu mtoto. Gibson alikuwa ametangaza kwamba mapato ya wiki nzima ya programu yake ya simu yangekwenda kwa familia ya mvulana mwenye uvimbe kwenye ubongo. Mvulana alikuwepo. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Fedha alizoahidi hakuzipeleka. Mchunguzi wa picha na barua asingegundua kosa lolote.

Kwenye tangazo letu, mahali pa kuanzia ni lile jina linalotokea kwenye simu. Anayetuma pesa huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri, na laini Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina hilo ni la mtu aliyesajili. Jina likiwa la baba aliyetajwa kwenye tangazo, ni vizuri. Likiwa la mtu ambaye hakutajwa popote, kuna swali: ni nani wa mtoto? Shangazi mwenye jibu hulitoa mara moja. Lakini jina kulingana haliridhishi peke yake, kwa kuwa tapeli aweza kuandika tangazo kwa jina la laini aliyonayo. Vilevile tangazo hunakiliwa likabadilishwa namba moja tu, kila kitu kingine kikabaki cha kweli. Ndiyo sababu tangazo lilelile likija mara mbili kwenye makundi tofauti, namba zilinganishwe.

Njia iliyo salama zaidi kwa hospitali za Serikali ya Tanzania ni namba ya malipo ya Serikali, ile inayoitwa kontrol namba na kila mtu. Mhasibu wa hospitali huitoa kwa ajili ya deni la mgonjwa husika, na fedha huingia kwenye akaunti ya taasisi bila kupita mfukoni mwa mtu. Zipo zinazokubali kiasi kamili tu na zipo zinazopokea kidogo kidogo, kwa hiyo mzazi anayetegemea michango aombe ya aina ya pili, vinginevyo mwenye elfu tano atashindwa kulipa. Tahadhari moja ipo hapa. Kontrol namba hutolewa kwa kila aina ya malipo ya Serikali, kuanzia faini hadi leseni. Mchangiaji asome jina la taasisi na la mlipaji linapotokea, asije akalipia faini ya barabarani ya mtu mwingine akidhani anatibu moyo.

Kenya ilitoa mfano mzuri mwaka 2015. Mwandishi Jackson Biko alieleza habari za mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na kuhitaji upasuaji. Lengo lilikuwa shilingi milioni moja za Kenya. Ndani ya muda mfupi zilipatikana zaidi ya milioni sita. Michango ilipitia Africa Cancer Foundation, shirika lililosajiliwa linaloshughulikia saratani, si simu ya ndugu wala ya mwandishi. Lengo likipitwa mara sita, hilo huleta tofauti kubwa, maana kuna wa kuulizwa zilizobaki zimekwenda wapi.

Hata hivyo namba ya mtu binafsi si dalili ya wizi. Mama aliyetoka Kigoma na mtoto wake ana gharama ambazo hazimo kwenye ankara: nauli, chakula cha wiki kadhaa, mahali pa kulala baada ya mtoto kuruhusiwa lakini akitakiwa kurudi kliniki, dawa inayonunuliwa nje. Hizo haziwezi kulipwa kwa kontrol namba. Familia iliyojipanga hutenganisha mafungu mawili. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi: ankara ni milioni 12. Ustawi wa jamii wamesamehe milioni 3. Ukoo umelipa milioni 2 na risiti ipo. Imebaki milioni 7, ilipwe kwa kontrol namba. Pembeni, nauli na kujikimu kwa wiki sita ni laki 6, itumwe kwa simu ya mama. Tangazo lililoandikwa hivyo linaweza kufuatiliwa. Kila Jumapili mwekahazina wa kundi anaandika zilizoingia, zilizolipwa na zilizobaki, na ikifika milioni 7 kontrol namba inafungwa.

Anayekusanya kwa uongo hushindwa hapo. Ukimuuliza "Imebaki kiasi gani?" hutaja kiasi kilekile cha mwanzo hata baada ya wiki tatu. Ukisema unataka kulipa moja kwa moja hospitalini, husema hospitali haipokei, au huleta dharura mpya. Akiona maswali yamezidi, huanza kumshutumu muulizaji kwamba hana utu.

Kuna mambo mengine yanayowaponza watu, mazuri na mabaya. Tangazo lenye makosa ya maandishi na picha iliyofifia huonekana la kitapeli, wakati pengine limeandikwa na mzazi ambaye hajalala siku mbili. Bango maridadi lenye picha ya msanii aliyelisambaza huonekana la kuaminika, wakati msanii naye alitumiwa tu kama wengine. Ustadi wa maandishi na umaarufu wa msambazaji havijibu lolote kati ya yale maswali matatu. Na anayehisi utapeli bila uthibitisho asiandike kwenye kundi kwamba familia fulani ni wezi. Aseme lililopo: ankara haijaonekana, jina la mpokeaji halijaelezwa. Akiwa na uhakika wa utapeli Tanzania, namba iliyotumika huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040, na kesi hupelekwa polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua ulaghai wa namna hiyo kuwa kosa.

Aliyeridhika naye ana kazi moja kabla ya kusambaza. Asitume tangazo kama alivyolipokea. Aongeze juu yake mistari miwili, kwa mfano: "Limehakikiwa 12 Mei na mwalimu wetu aliyefika wodini na kuiona ankara. Imebaki milioni 4, lipa kwa kontrol namba tu, michango inakoma 30 Mei." Mtu atakayelipokea mwezi Agosti atajua kwamba muda umepita, na picha ya mtoto yule itaacha kuombewa fedha ambazo hazihitajiki tena.